Sukari ya asubuhi iko juu, lakini kipimo cha miezi mitatu kinasema iko sawa

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ujiji kuhusu mama yangu, ana miaka 61 na ni mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi. Miezi miwili iliyopita alilazwa kwa malaria kali, damu ikashuka mpaka 4.8, akaongezewa chupa mbili. Wiki sita baadaye kliniki walimpima HbA1c ikatoka asilimia 6.4, akaambiwa sukari imekaa vizuri. Lakini mimi nyumbani nikimpima asubuhi napata 11, 12, hata 13. Mama anasema mashine yangu ni mbovu na anataka kupunguza dawa. Hicho kipimo kinajuaje sukari ya miezi mitatu, na tuamini kipi?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. La haraka kwanza: mama asipunguze dawa. Mashine yako si mbovu. Katika karatasi ulizonitumia nimeona kwamba asubuhi ileile ya kliniki maabara ilipima pia sukari kwa damu ya mshipa, kabla hajanywa chai, ikatoka 11.6. Mashine ya nyumbani na mashine ya maabara zinaongea lugha moja. Na kwenye daftari lake la kliniki, kipimo cha HbA1c cha kabla ya malaria kilikuwa asilimia 9.1.

Hiyo 6.4 nayo haikukosewa. Maabara ilihesabu sawasawa kilichokuwemo kwenye damu. Shida ni kwamba damu iliyopimwa siku hiyo haikuwa na umri wa kutosha kutoa ushahidi wa miezi mitatu. Ili unielewe, inabidi tuanze mahali sukari inaposhikia.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kumejaa protini inayoitwa hemoglobini, ile inayobeba oksijeni. Hemoglobini ya mtu mzima kwa sehemu kubwa imeundwa kwa minyororo minne, miwili inaitwa alfa na miwili beta. Mnyororo wa beta una amino asidi 146 zilizopangana moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza kabisa inaitwa valini. Kwa kuwa valini hiyo iko mwanzoni, upande wake mmoja, wenye naitrojeni, haujaunganishwa na kitu chochote. Uko wazi, na unaelekea nje ambako sukari inapita. Sukari inaweza kushika sehemu nyingine za hemoglobini pia, lakini kipimo cha HbA1c kinahesabu ile iliyoshika hapo tu, kwenye valini ya mwanzo wa beta.

Sukari yenyewe, yaani glukosi, haishiki kirahisi. Karibu muda wote molekuli yake imejikunja mviringo, na ikiwa hivyo haina hamu na protini. Kwa wakati wowote ule, molekuli chini ya moja katika elfu ndiyo huwa imejikunjua, na ikijikunjua ncha yake moja inakuwa na kundi la kemikali liitwalo aldehaidi, linaloshikana upesi na naitrojeni iliyo wazi. Ikitokea ikapita karibu na ile valini katika hali hiyo, zinashikana.

Hapo kuna hatua mbili, na tofauti yake ndiyo siri ya kipimo kizima. Hatua ya kwanza ni mshiko legelege. Unatokea ndani ya saa chache na unaweza kuachia vilevile ndani ya saa chache, sukari ikarudi zake kwenye damu. Ikiwa sukari ya damu imepanda baada ya chakula, mishiko hii legelege huongezeka, ikishuka hupungua. Lakini kabla ya kuachia, michache kati yake hujipanga upya kwa ndani: atomi zinahama nafasi, na mshiko unakuwa imara. Hiyo ndiyo hatua ya pili, na inakwenda polepole sana. Ikishatokea, kwa kawaida sukari hiyo haitoki tena mpaka chembe yenyewe ife. Mashine za siku hizi zimetengenezwa zisihesabu mishiko legelege, ndiyo maana mama akinywa chai ya sukari njiani kwenda kliniki HbA1c haibadiliki, na ndiyo maana pia mgonjwa anayejinyima chakula siku tatu kabla ya kliniki haiponyi karatasi yake.

Katika haya yote hakuna kimeng'enya kinachosimamia. Mwili hauchagui, hauongezi kasi wala hauzuii. Mambo mawili ndiyo yanayoamua ni hemoglobini ngapi zitashikwa: sukari ilikuwa nyingi kiasi gani, na hemoglobini ilikaa ndani ya sukari hiyo kwa muda gani. Chembe nyekundu huingiza glukosi bila kuhitaji insulini, kwa hiyo kilichomo ndani yake kinafuata kilichomo nje. Sukari ya damu ikiwa maradufu, kasi ya kushikwa nayo inakuwa karibu maradufu.

Sasa umri. Chembe nyekundu ikishatoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia kwenye mzunguko wa damu, haina kiini tena. Haiwezi kutengeneza hemoglobini mpya wala kutupa iliyoshikwa na sukari. Inazunguka hivyo kwa takriban siku 120, ikikusanya sukari kidogo kidogo, kisha bandama na ini vinaiondoa. Kwa mtu mwenye afya, kila siku karibu chembe moja katika kila 120 inaondolewa na nyingine mpya inaingia mahali pake. Kwa hiyo tone lolote la damu lina mchanganyiko wa chembe za kila umri: za jana, za mwezi mmoja, za miezi mitatu na nusu. Iliyotoka jana haina sukari ya kuzungumzia. Ya miezi mitatu na nusu imebeba nyingi. Maabara inazivunja zote pamoja na kuuliza: katika kila hemoglobini mia, ngapi zimeshikwa? Jibu ndilo hiyo asilimia. Aliyefungua njia hii ni daktari Mwirani, Samuel Rahbar, ambaye mwaka 1968 akiwa Tehran aliona hemoglobini isiyo ya kawaida kwenye damu ya wagonjwa wa kisukari.

Watu wanasema "kipimo cha miezi mitatu", na si kosa, ila miezi hiyo haina uzito sawa. Fikiria chembe zote zilizo hai leo. Zote, isipokuwa changa kabisa, zilikuwepo wiki iliyopita, kwa hiyo sukari ya wiki iliyopita imeandikwa karibu kwenye kila chembe. Lakini sukari ya siku 100 zilizopita imeandikwa tu kwenye zile chache zilizokuwepo wakati huo na bado hazijafa. Ndiyo sababu takriban nusu ya jibu la HbA1c inatokana na mwezi mmoja wa mwisho, na nusu iliyobaki inatokana na miezi miwili au mitatu iliyotangulia, ikipungua uzito kadiri unavyorudi nyuma. Ni wastani unaoegemea karibuni.

Wastani huo unaweza kuugeuza kuwa namba ya aina ileile unayoisoma kwenye mashine yako. Kanuni inayotumika ni hii:

```
wastani wa sukari (mmol/L) = 1.59 × HbA1c − 2.59
```

Weka 6.4 utapata 7.6. Yaani karatasi ya kliniki inadai kwamba sukari ya mama, usiku na mchana, akiwa amekula na hajala, ilikuwa inazunguka kwenye 7.6. Wewe unampima akiwa hajala kitu tangu jana usiku, na hujawahi kuona chini ya 11. Kwa mgonjwa mwenye sukari ya asubuhi kama hiyo, wastani wa kutwa nzima mara nyingi unakuwa juu zaidi ya asubuhi, si chini. Tuseme basi ni 12 tu. Ukiirudisha nyuma kanuni hiyo, HbA1c ilipaswa kuwa karibu asilimia 9.2, jirani kabisa na ile 9.1 ya daftari. Pengo la namna hii kati ya 9.2 na 6.4 halitokani na kutetereka kwa mashine. Likitokea, ninauliza swali moja kabla ya yote: chembe za damu hii zina umri gani?

Na za mama tunajua historia yake. Malaria kali inavunja chembe kwa namna mbili. Vimelea vinapasua zile vilizoingia, na bandama iliyovimba inaziondoa nyingine nyingi ambazo hata hazikuwa na vimelea, hasa zilizokakamaa. Kuna wagonjwa pia ambao damu yao inaendelea kuvunjika wiki moja hadi tatu baada ya sindano za artesuneti, hali inayojulikana na ambayo haimaanishi dawa haikufanya kazi. Wingi wa damu wa mama ulipofika 4.8, sehemu kubwa ya chembe alizokuwa nazo, pamoja na sukari iliyoandikwa juu yake, ilikuwa imeshapotea.

Kisha zikaingia chembe za watu wengine, chupa mbili. Kwa kawaida chupa moja ya damu inampandisha mtu mzima kama gramu moja kwa desilita, kwa hiyo alitoka hospitali na karibu 7. Baada ya malaria kupona, uboho ukaamka na kufidia, na naona alipewa vidonge vya madini ya chuma, hivyo ukapata na malighafi. Siku ya kliniki wingi wa damu ulikuwa 10.6. Hiyo tofauti yote, na fidia ya zilizokufa kwa uzee katikati, ni chembe zilizozaliwa ndani ya wiki sita.

Tufanye hesabu kwa makadirio, maana hapo ndipo 6.4 inapojieleza yenyewe. Chukua hemoglobini 100 za mama siku ya kliniki. Kama 30 zilikuwa za kwake za zamani, zilizonusurika malaria. Hizo ni nzee, zote zina zaidi ya wiki sita, na kwa sukari yake zingekuwa zimeshikwa karibu asilimia 12. Kama 12 zilikuwa za wachangiaji. Ziliingia zikiwa na sukari kidogo, lakini zimekaa wiki sita ndani ya sukari ya mama na zimeanza kufanana naye, tuseme asilimia 9. Zilizobaki 58 ni mpya, umri wake kwa wastani kama wiki tatu, na kwa muda huo zingeweza kukusanya asilimia 3 tu. Zidisha: 30 mara 12 ni 360, 12 mara 9 ni 108, 58 mara 3 ni 174. Jumla 642, gawa kwa mia, unapata 6.4.

Sikuchagua namba hizo kudai kwamba ndivyo damu yake ilivyokuwa hasa kwa kila chembe, hakuna anayeweza kuzihesabu hivyo. Nataka uone kwamba mtu anaweza kuishi na sukari ya 12 kila siku na bado akapata 6.4, bila mtu yeyote kukosea. Ukiezua nusu ya nyasi za jiko la kuni na kuezeka mpya mwezi uliopita, huwezi kupima masizi ya paa zima na kusema hapa hapapikwi sana.

Unaweza kuuliza, je, kliniki wangejuaje? Dalili zilikuwepo kwenye karatasi zilezile: HbA1c kushuka karibu pointi tatu ndani ya miezi michache bila dawa kubadilishwa, wakati sukari ya mshipa ya asubuhi hiyohiyo ni 11.6. Lakini tarehe ya kuongezewa damu iko kwenye kadi ya wodi, na kadi ya wodi mara nyingi inabaki hospitali. Aliyekuwa na daftari la kisukari peke yake mezani aliona 6.4 na akafurahi, na hata ningekuwa mimi ningetaka kufurahi. Kwa hiyo wewe mwenyewe andika kwa kalamu kwenye ukurasa wa mbele wa daftari: ameongezewa damu, chupa mbili, na tarehe.

Kwa kuwa nimefanya kazi ukanda huu wa Tabora na Kigoma, niongeze jambo ambalo huku lina uzito kuliko sehemu zenye malaria kidogo. Chochote kinachofupisha maisha ya chembe nyekundu kinaishusha HbA1c: malaria za kurudiarudia, selimundu, na ule upungufu wa kimeng'enya cha G6PD ambao watu wengi wa maeneo ya malaria wamezaliwa nao na hawajui. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu hana kabisa hemoglobini ya kawaida ya kushikwa, kwa hiyo kwake kipimo hiki hakifai hata kidogo. Mwenye vinasaba vya selimundu upande mmoja tu anaweza kupimwa, ila jibu linaweza kusoma chini kidogo, na mengine yanategemea aina ya mashine. Upungufu wa madini ya chuma unafanya kinyume, unaipandisha, kwa sababu uboho unatoa chembe mpya chache na zilizomo zinazeeka. Ukoo wenu kama una mtu mwenye selimundu, mwambie daktari, ila kwa kisa cha mama malaria na damu ya kuongezewa vinatosha kabisa kueleza kilichotokea.

Sasa, mpaka damu yake itulie, tumtazame kwa njia gani? Kwa sukari yenyewe, siyo kwa alama yake. Endelea kupima asubuhi kabla hajala, na mara tatu nne kwa wiki pima pia saa mbili baada ya mlo mkubwa, siku ya ugali na siku ya wali, uandike alichokula. Anawe mikono kwa sabuni na akauke kwanza. Kidole kilichomenya embe au kushika asali kitakupa namba ya kutisha isiyo ya kweli. Vijiti vya mashine visiachwe na kifuniko wazi kwenye joto na unyevu. Na ujue mashine nyingi za nyumbani zinasoma juu kuliko ukweli damu inapokuwa pungufu sana. Kwa 10.6 tofauti hiyo ni ndogo, na jibu la mshipa limeshakuunga mkono, lakini zile namba ulizopata wiki ya kwanza alipotoka wodini, damu ikiwa 7, usizitumie kulinganisha.

Kuna kipimo kingine kinaitwa fruktosamini, kinachohesabu sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, hasa albumini, badala ya hemoglobini. Protini hizo zinabadilishwa upesi, kwa hiyo kinaonyesha wiki mbili tatu za nyuma, na hakijali chembe nyekundu zina umri gani. Si kila maabara inacho. Kikipatikana kwa gharama mnayoiweza, kitasaidia. Kisipopatikana, daftari lako la asubuhi na baada ya mlo linatosha kumwongoza daktari.

Mrudishe kliniki wiki hii, msingoje tarehe iliyoandikwa, na mwende na daftari hilo pamoja na karatasi ya kutoka wodini. Kwa sukari ya 11 hadi 13 kabla ya kula, mazungumzo hapo yatakuwa ya kuongeza matibabu, na daktari ataangalia figo zake kwanza kabla ya kugusa kipimo cha metformini. Ikiwa itapanda ikae juu ya 15, au akaanza kukojoa sana, kiu isiyokatika, kutapika au kulegea, hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

HbA1c irudiwe baada ya miezi mitatu hadi minne kutoka siku aliyoongezewa damu, mradi katikati asipate malaria nyingine. Kufikia hapo karibu chembe zote za wachangiaji zitakuwa zimeondoka, na zake zitakuwa zimesambaa tena katika kila umri. Siku hiyo omba wapime pamoja na wingi wa damu na sukari ya mshipa kabla hajala, kisha pitisha HbA1c kwenye ile kanuni uilinganishe na daftari lako. Zikikaribiana, kipimo kimerudi kuaminika kwake. Zisipokaribiana, msikubali jibu hilo peke yake libadilishe dawa; ombeni damu iangaliwe kwa selimundu na kwa G6PD.